Kuhesabu mapigo ya moyo kwenye picha ya ECG: achana na rula

"Wakuu, kuna picha ya ECG imetumwa kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa kliniki. Chini inasomeka 25 mm/s. Nimeweka rula juu ya skrini nikapima toka R hadi R, lakini kila nikiivuta picha napata jibu jingine. Mapigo kwa dakika nayapataje?"

Mkuu, kosa liko kwenye rula. Milimita ya rula yako na milimita ya ile karatasi ziliachana pale simu ilipopiga picha. Ila karatasi ya ECG ina rula yake tayari, nayo ni vile viboksi. Ukiivuta picha, viboksi vinavutika pamoja na mistari ya moyo. Mtu akiitoa kopi na ikasinyaa, navyo vinasinyaa. Kwa hiyo pima kwa viboksi tu, hata kama karatasi yenyewe iko mezani kwako.

Kwa kasi ya 25 mm/s, kiboksi kidogo ni milimita 1, yaani sekunde 0.04. Kikubwa kina vidogo 5, kwa hiyo ni sekunde 0.2. Dakika nzima ina vidogo 1500 au vikubwa 300, na ndiko zinakotoka zile namba mnazokaririshwa darasani. Unagawa 1500 kwa vidogo vilivyopo kati ya R na R, au 300 kwa vikubwa.

Sasa, wengi hupima nafasi moja tu kisha wakatangaza jibu. Kwenye karatasi safi mkononi hilo linavumilika. Kwenye picha iliyopita WhatsApp mara tatu, vile vidogo vimeshageuka ukungu wa waridi na unabaki na mistari minene tu, hivyo kukosea kidogo kimoja ni rahisi sana. Moyo ukienda polepole kosa hilo halina madhara makubwa. Ukienda mbio linauma: mapigo 150 yana nafasi ya vidogo 10, ukisoma 9 unapata 167, ukisoma 11 unapata 136.

Dawa yake ni kupima nafasi nyingi kwa mkupuo. Nina picha moja ya mgonjwa niliyotumiwa na mwenzangu wa zamu, mstari mrefu wa chini, ule wa II. Nilichagua R moja iliyokaa karibu kabisa na mstari mnene, nikahesabu vikubwa hadi R ya nane: 27, na kipande nilichokikadiria kuwa vidogo 3. Jumla vidogo 138. R nane zina nafasi saba, si nane. Hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza, wanahesabu nguzo badala ya nafasi kati ya nguzo.

```
1500 * 7 / 138 = 76
```

Angalia uzuri wake. Tuseme kile kipande cha mwisho sikukiona kabisa, nikaandika 27 kamili: napata 78. Nikikikuza kuwa 28, napata 75. Ukungu wote ule umenigharimu mapigo mawili matatu tu, kwa sababu kosa limegawanywa kwa nafasi saba.

Kuna wanaotumia pikseli, nami hufanya hivyo picha ikiwa mbaya mno. Si vibaya, lakini usichukue kipimo cha kiboksi upande mmoja ukakitumia upande mwingine. Picha nyingi hupigwa kwa kuinamisha simu ili kukwepa kivuli cha kichwa, basi upande ulio karibu na kamera unanenepa na ule wa mbali unakonda. Kwenye picha hiyohiyo, vikubwa vitano vya kushoto vilikuwa na pikseli 330, vya kulia 282. Nafasi moja ya kulia ilikuwa pikseli 222. Ukiigawa kwa kipimo cha kushoto unapata vidogo 16.8, na mgonjwa wa mapigo 76 anageuka kuwa wa 89. Chukua viboksi vilivyo chini ya mapigo hayohayo unayoyapima.

Hayo yote yanasimama juu ya ile 25 mm/s uliyoisoma, na hapa nina kovu langu. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kililetewa mashine ya msaada iliyotumika Ujerumani, ambako kasi ya 50 mm/s ni ya kawaida. Haikubadilishwa na mtu. Akaja mzee mmoja anayelalamika kizunguzungu, mwenzangu akampima, akanitumia picha nikiwa nyumbani. Vikubwa saba na chembe kati ya R na R. Nikagawa 300 kwa 7.1, nikapata 42. Zaidi ya hapo, kila pigo lilionekana pana, karibu vidogo vinne, ambavyo kwa 25 mm/s ni sekunde 0.16 wakati mpaka wa kawaida ni chini ya 0.12. Polepole na pana: kichwani nikaona umeme wa moyo umekatika njiani, nikaanza kuulizia gari la rufaa.

Kilichotuokoa ni mama mmoja muuguzi wa siku nyingi. Alimshika mzee mkono, akahesabu kwa saa ya ukutani, akasema, "Mwanangu, huyu ana 84, hiyo 42 umeitoa wapi?" Nikaomba picha nyingine isiyokatwa pembeni, nikaona maandishi: 50 mm/s. Kwa kasi hiyo kila kitu kinavutwa mara mbili, unagawa 3000 kwa vidogo au 600 kwa vikubwa, na vile vidogo vinne vya upana ni sekunde 0.08 tu. Mzee moyo wake ulikuwa sawa. Kizunguzungu kilitafutiwa sababu kwingine. Tangu siku hiyo, picha iliyokatwa maandishi ya chini siihesabu. Naomba ipigwe upya, na naomba pia hesabu ya mkono. ECG ikisema nusu ya mkono, shuku kasi ya karatasi kabla hujamshuku mgonjwa.

Jambo moja limebaki. Njia hii ya nafasi inataka mapigo yenye mpangilio. Ukikuta nafasi moja ya vidogo 12, inayofuata 27, kisha 18, kama inavyokuwa vyumba vya juu vya moyo vinapopapatika, ukichagua nafasi ya kwanza utasema 125, ukichagua ya pili utasema 56, na yote mawili si ya mgonjwa. Hapo hesabu R zote zilizoangukia ndani ya vikubwa 50, yaani sekunde 10, zidisha kwa 6. R 14 ni kama mapigo 84. Usiandike 84 kwa kujiamini sana, maana R moja iliyoponyoka ukingoni ni mapigo 6.

Na hiyo picha yako, kama karatasi imejikunja upande wa kushoto kama zilivyo nyingi zinazotoka kwenye roli, usianzie R ya kwanza. Anzia ya pili au ya tatu, pale viboksi vinapoanza kuonekana mraba kweli.