Kapsuli kumi na mbili kwa siku

Mdogo wangu alianguka kwenye mkarafuu, Pemba, msimu wa uchumaji. Mgongo ulimuuma wiki na wiki, akaandikiwa tramadoli: kapsuli mbili za miligramu 50, asubuhi, mchana na usiku. Hiyo ni 300 kwa siku, na kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni 400. Kulala ndani muda mrefu kukamletea sonona. Kliniki nyingine wakampa fluoksetini, na hakuna aliyemuuliza anakunywa nini zaidi.

Baada ya wiki tatu hivi akaanza kulalamika kuwa tramadoli "imeisha nguvu". Tukadhani mwili umeizoea. Kumbe tramadoli ili itulize maumivu sawasawa lazima kwanza ini liigeuze, na fluoksetini huizuia kazi hiyo. Maumivu yanabaki, na dawa isiyogeuzwa inajaa mwilini. Yeye akaongeza mwenyewe, akafika kapsuli kumi na mbili, miligramu 600, akizinunua dukani bila cheti.

Ishara tuliziona, hatukuzisoma. Mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika kwenye kisahani. Alilowa jasho usiku wa upepo, akaharisha, hatulii kitandani, na miguu inarukaruka yenyewe. Dawa zote mbili huongeza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na ikizidi mwili hufanya hivyo hivyo. Mama alisema ni homa. Jirani akasema ni shetani.

Saa nne usiku akakakamaa, macho juu, akaanza kutupwatupwa. Mimi nilikimbilia kijiko nimtie mdomoni, jambo ambalo najuta mpaka leo, maana ningemvunja meno au kumziba pumzi. La kufanya ni kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake, kutomnywesha chochote, na kutazama saa. Degedege la kwanza ni la hospitali hata likikoma lenyewe. Likipita dakika tano, usingoje hata kidogo.

Daktari alituambia tramadoli inaweza kuleta degedege hata kwa kipimo halali, ila ukivuka 400 hatari inapanda, na ukichanganya na dawa za sonona inapanda zaidi. Amitriptilini nayo imo, ile ambayo wengi hupewa kwa ganzi na usingizi bila kujua ni ya jamii hiyo. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuumia kichwa, amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

Tramadoli ilisimamishwa palepale, lakini akiwa amelazwa. Ukiikata ghafla nyumbani baada ya kuizoea, utapata jasho, tumbo na usiku bila usingizi. Bora daktari aipunguze kidogo kidogo. Fluoksetini nayo ikishaachwa hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo kusema "niliacha mwezi uliopita" hakutoshi.

Siku hizi akienda kutibiwa huchukua maboksi yote, hata matupu, akayapanga mezani kwa daktari kabla hajaulizwa.