Mwanangu, hiyo karatasi usiiweke

"Shikamoo mama. Mwenyekiti wa kamati ya harusi kaniambia mbele ya watu kwamba nimekula michango. Nimemwandikia ujumbe mrefu wa matusi, upo kwenye simu, sijautuma. Kila nikiusoma napandwa na hasira upya. Wanaosema kuandika kunapoza hasira, wana ushahidi gani?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu hiyo.

Ushahidi upo, na unaeleza pia kwa nini kwako imekuwa kinyume. Mwaka 2024 Yuta Kanaya na Nobuyuki Kawai wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walichapisha majaribio yao. Wanafunzi waliandika maoni mafupi kuhusu jambo la kijamii, mfano kama uvutaji sigara hadharani upigwe marufuku, wakaambiwa kuna msomi atayapima. Kumbe majibu yalikuwa yameshaandaliwa: kila mmoja alipewa alama za chini za akili na mantiki, pamoja na maneno ya dharau, eti haiaminiki mtu aliyesoma anafikiri hivyo. Walipokwisha kuudhika, waliandika kwenye karatasi wanavyojisikia. Kisha baadhi wakaitupa karatasi kwenye pipa, na wengine wakaihifadhi mezani.

Waliotupa, hasira yao ilishuka hadi karibu na pale ilipokuwa kabla ya kudharauliwa. Waliohifadhi, ilipungua kidogo tu. Jaribio likarudiwa kwa mashine ya kukatakata karatasi upande mmoja na boksi la kuwekea upande wa pili, matokeo yakawa yale yale. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni kuandika pamoja na kuitupa au kuikatakata karatasi. Ujumbe wako wa simu ndiyo ile karatasi ya mezani, tena mbaya zaidi, maana kidole kikiteleza umekwenda.

Kuurudiarudia kuusoma nako kuna hatari yake. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani aliwapa watu waliokasirishwa mfuko wa kupigia ngumi, huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira zaidi kuliko wale waliokaa kimya bila kufanya lolote. Kumtukana mtu moyoni mara kumi ni kufanya mazoezi ya kumchukia.

Basi futa huo ujumbe. Chukua karatasi ya daftari na kalamu, kaa peke yako, robo saa inatosha. Anza na alichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Halafu mwaga matusi yote, usichague lugha, usijali mwandiko. Mwisho jilazimishe kuandika sentensi inayoanza na "Kilichoniuma ni." Hapo ndipo penye faida, nami nakuomba usiparuke.

Kwa mfano, juu utakuwa umeandika: "Huna haya wewe mzee! Unajitia mwaminifu na ahadi yako mwenyewe hujalipa mpaka leo!" Ukifika chini huenda ikatoka hivi: "Kilichoniuma ni kwamba umelisema mbele ya mama mkwe wangu." Sasa ona. Kama hilo ndilo jeraha, ujumbe wa faragha wa matusi usingekusaidia hata ungeutuma, kwa sababu waliosikia tuhuma wasingesikia majibu. Unachohitaji ni kusafishwa mbele ya watu wale wale.

Acha kuandika ukiona sentensi zinajirudia, au zikianza na "nitamfanya," kwa sababu hapo umeshaanza kupanga kisasi. Usiisome tena. Ichane, itupe kwenye pipa la nje, siyo kwenye mkoba wala droo. Usiipige picha ukamtumia rafiki yako acheke naye, maana picha ni kuhifadhi, na mambo ya harusi hayakai kifuani mwa mtu mmoja.

Ila tenganisha hasira na kumbukumbu. Tarehe ya kikao, maneno aliyosema na waliokuwepo, viandike kwenye daftari jingine bila tusi hata moja, na hilo lihifadhi. Ikiwa ameandika tuhuma hizo pia kwenye kundi la kamati, usizifute. Karatasi ya matusi inapoza moyo tu, hesabu haiwezi kuisafisha.

Lala kwanza. Asubuhi andika ujumbe mwingine, mfupi: "Shikamoo mwenyekiti. Naomba kikao cha Jumamosi nipewe nafasi nisome hesabu yote mbele ya wanakamati: ahadi, zilizolipwa na matumizi. Nitakuja na daftari na risiti." Huo utume. Ukijikuta unataka kuongezea neno la kumchoma, rudi kwenye karatasi kwanza, robo saa nyingine.

Na kabla ya Jumamosi linganisha daftari na ujumbe wa miamala ya simu, jina kwa jina. Kukiwa na pengo, hata la elfu kumi, ulijue wewe kabla hajaliona yeye.

Mama yako