Fomu inalazimisha nijaze mshahara ninaoutaka

"Naomba kazi ya uhasibu hapa Kampala. Fomu haisongi mbele bila tarakimu ya mshahara. Namba ya afisa ajira ninayo. Nimuulizeje?"

Ndugu yangu, usimuulize "niandike ngapi?" Atakurudishia swali hilohilo. Mwandikie: "Habari za leo. Fomu inadai tarakimu ya mshahara. Je, mmetenga kiwango gani kwa nafasi hii? Na mnataka ya mwezi au ya mwaka, kabla ya makato au baada?"

Hapo kwenye makato ndipo nilipoumia mimi. Niliandika shilingi 2,000,000 nikiwaza za kutia mfukoni. Wao wakasoma kabla ya makato. PAYE ikala 502,000, NSSF asilimia 5 ikachukua 100,000, nikabaki na 1,398,000. Mkataba nilishausaini!

Asipojibu kabla ya siku ya mwisho, jaza kiasi unachokitaka kweli, kabla ya makato, kisha kwenye barua ya maombi andika kwamba kinajadilika. Kujaza sifuri nakuogopa, maana baadhi ya fomu huchuja waombaji zenyewe. Wakitaka mshahara wa sasa, hilo ni jambo jingine: usiongeze hata shilingi, wanaweza kudai hati ya malipo.