Dola mia kwa mwezi kwenda hisa za nje

“Niko Lubumbashi, naweka dola 100 kila mwezi. Nizitume kwenye mfuko wa hisa za dunia? Ni wa dola, kwa hiyo hakuna hatari ya sarafu.”

Kwanza, muulize dalali wa hisa kama anapokea mkaaji wa Kongo, maana wengi hukataa. Kinachokula akiba ndogo si mfuko bali uhamisho: benki ikikata dola 30 kila unapotuma, kwa mwaka zinakwenda 360 kati ya 1,200, ilhali ukikusanya na kutuma mara moja unapoteza 30 tu, na mfuko unaotoza asilimia 0.2 huchukua kama dola 2.40. Kuhusu sarafu, umepata nusu: faranga haikusumbui, lakini ndani ya mfuko mna hisa za Japani na Ulaya, hivyo yeni ikishuka, thamani yako kwa dola hupungua pia.

Mwaka 2008 hisa za nchi zilizoendelea zilishuka takribani asilimia 40 kwa dola. Kwa hiyo tenga kwanza kodi ya nyumba na ada za watoto, kisha utume sehemu usiyoihitaji kwa miaka kumi. Mimi ningeishia theluthi ya akiba, ingawa wengine huthubutu zaidi.