VYAKULA: herufi saba, mashimo sita

Ukianza kazi ya kutengeneza mabango Nairobi, hutakaa wiki kabla hujapewa neno VYAKULA. Liko juu ya vibanda na mikahawa, na karibu kila mara utaliona limeachwa vile kompyuta ilivyoliweka: V na Y zimegusana vichwa, halafu mwishoni L na A zimeachana hadi mpita njia anasoma VYAKUL, kisha A peke yake. Kwenye menyu iliyochapwa kwa herufi ndogo hakuna anayeona. Herufi ikifika sentimita 36 kwenda juu, shimo hilo linaonekana hata na aliye ndani ya matatu upande wa pili wa barabara.

Tutalichukua neno hili moja tulipange mpaka liishe, kwa sababu lina karibu kila tatizo utakalokutana nalo.

Kwanza vipimo. Kusogeza herufi huhesabiwa kwa alama, kila moja ikiwa sehemu 1 ya 1,000 ya ukubwa wa fonti, na ukubwa wa fonti si urefu wa herufi unayoiona. Katika Arial Bold, herufi kubwa huchukua takribani asilimia 72 ya ukubwa huo. Kwa hiyo ukitaka herufi ya sentimita 36, fonti yenyewe ni ya sentimita 50 hivi, na kila alama 1 ni nusu milimita kwenye bango. Ukibonyeza 20, umesogeza sentimita nzima. Shika hesabu hiyo, maana bila hiyo utakuwa unabonyeza tu.

Fonti ya sentimita 50 haiingii kwenye programu ya Illustrator, ambayo haikubali kupita pointi 1,296. Fanya faili kwa kipimo cha moja kwa kumi: fonti ya pointi 142, neno lenye upana wa sentimita 24 hivi, ambalo likichapwa litakuwa mita 2.4 kwenye bango la mita 3. Alama za nafasi hazibadiliki kwa sababu zinafuata ukubwa wa fonti.

Kabla ya kugusa chochote, fungua `Preferences`, sehemu ya `Type`, uangalie kisanduku cha `Tracking`. Huja kimewekwa 20, yaani kila ukibonyeza `Alt` na mshale unaruka sentimita moja ya bango. Weka 5. Halafu kama neno zima linahitaji kulegezwa au kubanwa, fanya hivyo sasa. Ukipanga herufi mbili mbili kisha ulegeze neno zima, kila uwiano uliotafuta utayumba, na utarudi mwanzo.

Sasa tazama neno lenyewe. Wanaoanza hupima umbali kati ya ukingo wa herufi hii na ukingo wa ile, na ndipo wanapopotea. Jicho halipimi ukingo, linapima weupe uliofungiwa katikati. U na L zikisimama bega kwa bega, nguzo kwa nguzo, weupe kati yao ni ukanda mwembamba. L na A zinaweza kukaribiana zaidi ya hapo pale chini, lakini juu ya mguu wa L kuna uwanja mtupu mpaka kwenye mgongo wa A. Ukizipa umbali sawa, UL itaonekana imesongamana na LA itaonekana imeachana.

Basi swali la kwanza si wapi pa kufunga. Tafuta jozi ambayo haiwezi kufungwa tena. Katika VYAKULA ziko mbili. LA haifungiki zaidi ya kidogo tu kwa sababu mguu wa L utaukanyaga mguu wa A. VY haifungiki kwa sababu zote mbili ni pana juu, ncha zinakutana huku chini kukiwa na pembetatu kubwa ya weupe. Hizi mbili ndizo zinazoamua neno zima. Huwezi kuzileta zifanane na UL, kwa hiyo UL ndiyo itakayofunguliwa ili ifanane nazo. Anayeanza hufunga tu, akitafuta mashimo ayazibe. Kazi kubwa kwenye neno kama hili ni kufungua.

VY inastahili maneno mawili zaidi. Kiingereza hakina haja kubwa na jozi hii, ila sisi tunayo kila mahali: vyombo, vyuma, vyeti, vyakula. Fonti nyingi zina marekebisho ya nafasi za YA, AV, TA na wenzao ndani yake, lakini usitegemee kwamba aliyeichora alikumbuka VY. Chaguo la nafasi la `Optical` katika Illustrator husaidia kidogo kwa kuwa linatazama umbo la herufi. Litumie kama mahali pa kuanzia, hasa fonti ikiwa ya bure na isiyo na marekebisho yoyote, kisha endelea kwa mkono.

Tuanze na LA. Weka kielekezi katikati yake, bonyeza `Alt` na mshale wa kushoto mara mbili: alama −10, milimita 5. Miguu sasa imebaki na nafasi kama sentimita moja. Simama hapo. Ukizidisha, ukitazama kwa mbali miguu itaonekana imeungana, na neno litakuwa na doa jeusi pale chini.

Nenda VY. Hapa ncha karibu zinagusana, kwa hiyo fungua alama 30, sentimita moja na nusu. Utahisi unaharibu, kwa kuwa pembetatu ya chini imekua. Vumilia, jirani zake bado hawajapangwa.

YA fonti imeshaifunga yenyewe, lakini tumefungua VY, kwa hiyo ongeza −20. Usipite hapo. Y na A zinaweza kuingiliana sana, mkono wa Y ukakaa juu ya mguu wa A, na hilo shimo ni tamu kuliziba. Ukilifuata utapata V upande mmoja na YAKULA upande mwingine. AK fungua 10 tu, maana mteremko wa A tayari umeleta weupe. KU fungua 35: K ina pengo katikati ya mikono yake, ila ncha zake za juu na chini ziko karibu na nguzo ya U. Mwisho UL, jozi iliyosongamana kuliko zote, fungua 50, yaani sentimita mbili na nusu.

Jumlisha: 30, −20, 10, 35, 50, −10. Neno limerefuka alama 95, karibu sentimita 5, na bado linakaa vizuri kwenye mita 3. Nambari hizi ni za umbo nene la namna hii. Ukibadilisha fonti, utaratibu unabaki lakini nambari zitupe, kwa sababu fonti nyingine itakuwa na L fupi au Y yenye mikono mirefu.

Sasa hakikisha. Usilitazame neno zima, maana jicho litalisoma badala ya kulipima. Funika kwa karatasi mbili uache herufi tatu, VYA, kisha YAK, kisha AKU, ukiuliza kama herufi ya katikati iko katikati kweli au imeegemea upande mmoja. Baadaye ligeuze faili juu chini. Likiwa halisomeki, doa na shimo hujitokeza lenyewe.

Ikiwa bado LA inakukera, kuna dawa ya wachoraji wa mabango ya brashi. Geuza maandishi kuwa maumbo kwa `Ctrl+Shift+O`, shika pointi mbili za mwisho wa mguu wa L, urudishe nyuma kiasi cha sentimita 2 za bango, kisha sogeza A kwa kiasi kile kile. Hakuna atakayeona kwamba L imekatwa. Usifanye hivi kwenye nembo ya mteja, na uhifadhi kwanza nakala yenye maandishi hai, maana ukishageuza huwezi kurekebisha tahajia.

Wengi hapa mjini hutumia CorelDRAW, na kuna mtego wake. Ukichukua `Shape tool` kwa `F10`, kila herufi huota kimraba chini kushoto. Ukivuta kimraba cha A, inasogea A peke yake, na nafasi ya upande wake wa pili inaharibika bila wewe kutaka. Zungushia vimraba vyote kuanzia herufi hiyo hadi mwisho wa neno, ndipo usogeze, na utumie mishale ya kibodi ili zisipande wala kushuka. Inkscape nayo ina `Alt` na mshale, lakini hatua yake ni pikseli moja ya skrini. Ukiwa umekuza picha mara nne, hatua inakuwa robo. Amua kiwango kimoja cha kukuza usikibadilishe mpaka umalize.

Kama kazi ni ya stika ya kukatwa kwa plota na siyo kuchapwa, herufi kugusana si suala la macho tena. Maumbo mawili yakipandana kidogo tu, kisu hufuata mistari yote miwili na kukata ndani ya herufi zote mbili. Kuza kila jozi iliyo karibu uone weupe wa kweli kati yake. Herufi za taa nazo zinataka nafasi zaidi, kwa kuwa mwanga husambaa usiku na kula weupe.

Mambo mawili ya Nairobi kabla ya kuchapa. Kwenye NG’OMBE hakikisha alama ni ’ iliyopinda na siyo ' iliyonyooka, kisha uilete juu ya bega la G na kuivuta O chini yake, la sivyo mteja atapata NG na OMBE. Na kwenye bei, fonti nyingi huipa namba 1 upana sawa na 8, kwa hiyo 1,100 huonekana ina meno yaliyong'oka. Zifunge hizo moja moja.

Neno letu la moja kwa kumi linatosha karatasi ya A4 iliyolazwa. Lichape, libandike ukutani, usimame mita 2 na nusu: ndivyo litakavyoonekana bango likitazamwa kutoka mita 25. Mwambie mtu ambaye hajaliona aonyeshe kwa kidole neno linapokatika. Akielekeza kidole kati ya U na L, ongeza 10. Akielekeza kati ya L na A, kata mguu.