Ombi lililofichwa kwenye Instagram

"Mteja wa Unguja kaniandikia Instagram jana, mbona simuoni hata kwenye Requests?"

Fungua Requests, kisha uingie Hidden Requests. Ujumbe wa mtu usiyemfuata kwa kawaida hungoja Requests, lakini ukiwa na maneno yanayofanana na matusi au utapeli, mtambo huusogeza folda hiyo ya pili. Dada yangu hapa Wete, muuza mikoba ya ukili, aliorodhesha neno "mkopo" katika Hidden Words ili awaepuke matapeli, na mteja wa kweli aliyeuliza kama anauza kwa mkopo akafichwa pamoja nao. Basi ikague kwanza orodha yako mwenyewe. Usome bila wasiwasi, kwani mwandishi haoni kuwa umeusoma mpaka ulikubali ombi lake.