Swali la tangi la chumvi: kufika kwenye dy/dt bila kuvuruga vizio

*"Wakuu, nikipewa mlinganyo tofautishi tayari, kuutatua si shida. Shida ni maneno. Tangi la lita 1,200 lina lita 1,000 za maji yenye kilo 20 za chumvi. Maji yenye gramu 5 za chumvi kwa lita yanaingia lita 12 kwa dakika. Mchanganyiko unakorogwa muda wote na unatoka mita za ujazo 0.6 kwa saa. Andika mlinganyo wa chumvi iliyomo tangini. Mimi nimepata dy/dt = 60 − 0.6y/1000 na jibu linagoma. Tatizo liko wapi?"*

Mkuu, umbo umelipata: kinachoingia ukitoa kinachotoka. Ila namba umezichota kwenye swali na kuzibandika kama zilivyo. Ile 60 ni gramu kwa dakika. Ile 0.6y/1000 ina mita za ujazo, saa, kilo na lita ndani yake, na ukiulizwa ni kizio gani kwa kizio gani, huna jibu. Vitu viwili vya namna hiyo havitoani. Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu kidato cha sita, na maswali ya tangi mara nyingi yanafia hapa, kalamu ikiwa bado haijagusa utatuzi.

Anza na y. Usiandike "y ni chumvi", maana chumvi inaweza kuwa kilo zilizomo au gramu katika kila lita, na hivyo ni vitu viwili. Andika sentensi nzima: y ni kilo za chumvi zilizomo tangini baada ya dakika t. Nachagua kilo zilizomo, si ukolezi, kwa sababu mlinganyo wetu unajumlisha na kutoa, na ukolezi haujumlishiki. Chukua lita moja yenye gramu 5, uimimine kwenye lita moja yenye gramu 20. Hupati gramu 25 kwa lita. Unapata lita mbili zenye gramu 12.5 kila moja. Gramu zenyewe ndizo zilizojumlika na kuwa 25.

Sentensi hiyo ikishakaa, vizio vimeshaamuliwa: kilo na dakika, na kwa ujazo tutumie lita. Kila namba ya swali ivuke kwanza kuja upande huu:

```
gramu 5 kwa lita            = kilo 0.005 kwa lita
mita za ujazo 0.6 kwa saa   = lita 600 kwa saa
                            = lita 10 kwa dakika
```

(Mtunzi hakuchanganya vizio kwa roho mbaya tu. Pampu nyingi huandikwa mita za ujazo kwa saa, na matangi huuzwa kwa lita, kwa hiyo hata kazini utakutana navyo hivyo hivyo.)

Sasa usikimbilie dy/dt. Piga hesabu ya dakika ya kwanza peke yake, kwa namba tupu, kama mwenye duka anavyofunga hesabu ya siku. Zinaingia lita 12, kila moja na kilo 0.005, hivyo chumvi inayoingia ni kilo 0.06. Zinatoka lita 10. Kila lita inatoka na kiasi gani? Maji yamekorogwa, kwa hiyo lita inayotoka inafanana na lita yoyote iliyobaki ndani: kilo 20 gawanya kwa lita 1,000, yaani kilo 0.02. Mara 10 ni kilo 0.2. Dakika hiyo tangi limepoteza takriban kilo 0.14. Namba hiyo iandike pembeni, tutaihitaji.

Mlinganyo ni hesabu hiyo hiyo, ila kwa dakika yoyote. Penye 20 weka y, kwa sababu chumvi haitabaki 20. Penye 1,000 je? Hapo ndipo kwenye kasoro ya pili ya mlinganyo wako. Zinaingia lita 12 na kutoka 10, kwa hiyo maji yanaongezeka lita 2 kila dakika, na ujazo baada ya dakika t ni 1000 + 2t. Kwa 0.6 yako ambayo haijabadilishwa hukuweza kuliona hilo, maana 12 na 0.6 hazilinganishiki. Tunapata:

```
dy/dt = 0.06 − 10·y/(1000 + 2t),   y(0) = 20
```

Kagua kila kipande. Upande wa kushoto ni kilo kwa dakika. 0.06 ni kilo kwa dakika. Kipande cha mwisho ni lita kwa dakika, mara kilo, gawanya kwa lita: lita zinakatana, inabaki kilo kwa dakika. Ukaguzi huu ufanye kabla ya kurahisisha. Ukishaandika 5y/(500 + t), hesabu ni ile ile, lakini 5 na 500 si lita za kitu chochote kwenye swali, na kosa likiwemo halionekani tena.

Kisha weka t = 0 na y = 20. Unapata 0.06 − 0.2 = −0.14, ile ile ya pembeni.

Kwa mlinganyo wako jaribio hili linatoa karibu 60, na kwa kuwa y yako ilianza na 20 ya kilo, ni kama tangi linameza kilo 60 kwa dakika moja. Hilo linapiga kelele lenyewe. Hatari ni anayerekebisha nusu: anageuza gramu kuwa kilo, halafu 0.6 anaiacha. Anapata 0.06 − 0.012, yaani +0.048. Namba ndogo, ya kistaarabu, haimshtui mtu. Lakini inasema chumvi inaongezeka. Haiwezekani: maji yanayotoka yana chumvi mara nne ya yanayoingia, na lita zake hazipishani sana. Alama ya kujumlisha mahali pa kutoa inatosha kukuambia kuna kizio hakijavuka.

Maswali yanayosema "kasi ya kupoa inalingana na tofauti ya joto" yana mtego huo huo, ila umejificha ndani ya k. Kama t ni dakika, k ni "kwa dakika". Ukiipata k kwa vipimo vya dakika halafu ukaulizwa joto baada ya saa 2, unaweka 120, si 2. Na alama ya kutoa iandike waziwazi, −k, ili k yenyewe ibaki chanya.

Turudi tangini. Ukitatua sawasawa utapata y = 0.01(500 + t) + 15(500/(500 + t))⁵. Dakika ya 100 inabaki chumvi kilo 12.03 hivi katika lita 1,200, karibu gramu 10 kwa lita, kati ya 5 inayoingia na 20 ya mwanzo kama inavyopaswa. Usiendelee na fomula hiyo kupita hapo, kwa sababu tangi limejaa. Yakianza kufurika, huku bado yanakorogwa, yanatoka jumla ya lita 12 kwa dakika na ujazo unasimama kwenye 1,200, kwa hiyo kuanzia hapo mlinganyo ni dy/dt = 0.06 − y/100, na kilo 12.03 ndiyo thamani yake ya kuanzia.